Kijiko cha fedha, maji ya kumwaga, jicho la bibi au uyoga wa kibandani: ukitaka kujua kama uyoga una sumu, ushike kipi?

Mvua za masika zikishashika, wifi yangu wa Buswelu, Mwanza, huanza kunipigia simu za uyoga. Safari hii alikuwa amenunua beseni zima kando ya barabara ya Kisesa, uyoga mweupe, mingine mikubwa kama sahani ya chai, mingine midogo kama kifungo cha shati. Nilipofika sufuria ilikuwa tayari jikoni, na ndani yake kulikuwa na kijiko.

"Usiwe na wasiwasi, wifi," akaniambia. "Nimeweka cha fedha. Kikiwa cheusi tunamwaga. Kikibaki cheupe tunakula."

Nilikitoa, nikakifuta kwa kanga, nikakigeuza. Mgongoni kulikuwa na mhuri wa kiwanda: chuma cha pua. Kijiko chenyewe hakikuwa cha fedha. Hata kingekuwa cha fedha tusingekuwa salama, na hapo ndipo penye mjadala, kwa sababu wengi tunaokula uyoga wa porini huku kandokando ya ziwa tuna njia nne za kuamua, tunazoziamini kwa viwango tofauti: kijiko, kuchemsha na kumwaga maji, kumpelekea anayeujua, au kuuacha wa porini na kununua wa kulimwa.

Nitaziuliza zote maswali yaleyale manne. Inapima nini hasa? Jibu linakuja lini, kabla ya kula au baada? Inakosea wapi? Na inamfaa nani? Swali la tatu ndilo nitakalolikalia zaidi. Kosa la kutupa uyoga mzuri linakupotezea mboga ya siku moja. Kosa la kula uyoga mbaya ni jambo jingine, na njia yoyote ipimwe kwa hilo la pili.

Kijiko cha fedha

*Inapima nini.* Inapima salfa. Madini ya fedha yakikutana na mvuke au majimaji yenye salfa huota utando mweusi juu yake, uleule unaoziona pete za fedha zikiuota zikikaa kabatini. Sonara yeyote mjini atakuambia pete haibadiliki rangi kwa sababu mvaaji amerogwa. Zamani imani ya kijiko ilikuwa na chanzo cha kueleweka: arseniki waliyotumia watu kulishana sumu mara nyingi haikuwa safi, ilibaki na salfa, na salfa ile ndiyo iliyoigeuza fedha. Watu wakahitimisha kwamba fedha inaijua sumu, na hitimisho hilo likahamia kwenye uyoga.

Sumu ya uyoga unaoua zaidi inaitwa amatoksini. Ina chembe ya salfa ndani yake, ni kweli, lakini imefungwa katikati ya umbo lake na haitoki kuigusa fedha. Kijiko kinaweza kulala kwenye supu ya uyoga huo saa nzima kikatoka kinang'aa.

*Jibu linakuja lini.* Kabla ya kula, na hilo ndilo linalokipendezesha. Dakika kumi umeshaona.

*Inakosea wapi.* Kwa sonara mmoja nilipata vipande vitatu vya waya wa fedha, nikaviweka kwenye glasi tatu za maji ya moto. Glasi ya kwanza niliponda kiini cha yai lililochemshwa sana. Ya pili nikatia punje za kitunguu saumu zilizopondwa. Ya tatu nikatia uyoga mamama wa kulimwa, mtupu. Waya wa yai ulianza kuwa wa manjano, ukaenda kahawia, na baada ya saa moja ulikuwa mweusi kwenye pembe. Wa kitunguu saumu ulififia kidogo. Wa uyoga ulibaki kama nilivyouweka. Kwa hukumu ya kijiko, basi, yai la kuku ndilo sumu ya nyumba.

Sasa rudi kwenye sufuria ya wifi. Angetia uyoga wake mzuri wa kichuguu pamoja na kitunguu saumu, kijiko cha fedha halisi kingeweza kufifia naye akamwaga mboga safi. Angetia uyoga wa kuua pamoja na nyanya tu, kijiko kingebaki kinang'aa naye akala. Na kuna jambo ambalo sikulitegemea mpaka sonara aliponicheka: fedha iliyopata weusi husafishwa kwa kuizamisha katika maji ya moto yenye chumvi na magadi, ikiwa imeigusa alumini. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Mwenye kuweka kijiko kwenye sufuria ya alumini, akaongeza chumvi na kipande kidogo cha magadi ili uyoga ulainike, amejitengenezea sabuni ya fedha. Kijiko kinaweza kutoka kisafi kuliko kilivyoingia.

Sufuria ya alumini nayo huota weusi wake kwa sababu ya maji yenyewe, na weusi huo hautuambii lolote kuhusu uyoga. Nimeona watu wakimwaga mboga kwa ajili yake.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua kama kijiko alichouziwa ni cha fedha. Akiweke kwenye kiini cha yai.

Kuchemsha na kumwaga maji

*Inapima nini.* Hii haipimi. Inajaribu kuondoa. Kuna msingi wa kweli: uyoga mwingi hauna budi upikwe, na baadhi unaokera tumbo ukiwa mbichi hupungua makali ukichemshwa na maji yakamwagwa. Wapishi wa zamani hawakuibuni bure.

*Jibu linakuja lini.* Halipo. Unamwaga maji na kudhani.

*Inakosea wapi.* Amatoksini haivunjwi na moto wa jikoni. Uichemshe, uikaange, uianike juani, uiweke kwenye friji, inabaki. Kiasi fulani kitaondoka na maji, lakini kinachobaki kwenye nyama ya uyoga kinatosha. Kinachokadiriwa kumuua mtu mzima ni takribani miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60, basi, ni miligramu 6, kiasi ambacho uyoga mmoja mkubwa wenye sumu hiyo unaweza kuwa nacho. Humwagi maji ya kutosha kwa hesabu ya namna hiyo. Na kwa mtoto wa kilo 12 hesabu ni ndogo mara tano.

Hapa hapa ndipo pa kuweka ndugu zake, imani nyingine za jikoni: mchele unaogeuka rangi, kofia inayomenyeka, mbuzi aliyekula asife, funza waliokutwa ndani. Funza wanaishi raha mustarehe ndani ya uyoga unaoua watu. Tumbo la funza si tumbo lako.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye tayari anaujua uyoga wake kwa jina, na mila ya kwao inasema aina hiyo ichemshwe kwanza. Kwake ni hatua ya upishi. Kwa asiyeujua haiongezi kitu.

Jicho la anayeujua, pamoja na karatasi

*Inapima nini.* Inapima umbo na mahali. Nilimchukua wifi na beseni lake tukaenda kwa bibi mmoja kule Kisesa ambaye huchuma tangu utotoni. Tulimwamkia, "Mwangaluka, bibi," akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye beseni, mikono imeshaingia.

Kitu cha kwanza alichouliza ni viko wapi vitako vya mashina ya uyoga huu. Ile mikubwa muuzaji alikuwa ameikata kwa kisu juu ya udongo. Bibi akaugusa mmoja kwa kidole na kusema, "Huyu mmemkata shingo. Miguu yake iko wapi? Mimi namjua mtu kwa miguu."

Ni maneno ya kuyachukua kama yalivyo. Uyoga wa vichuguu, ule tunaoupenda, hukaa na mchwa. Chini ya shina lake mara nyingi kuna mkia mrefu unaoshuka udongoni, wakati mwingine kuliko kiganja, mpaka kwenye kiota chao. Juu katikati ya kofia kuna ncha ngumu, ndiyo iliyotoboa udongo. Uyoga wa jamii ya Amanita, ambayo ndani yake wamo wauaji wakubwa, chini ya shina una kikombe au mfuko kama ganda la yai lililopasuka, na mara nyingi una pete shingoni. Kikombe hicho kimezikwa. Ukikata kwa panga, ushahidi wote umebaki ardhini na umebeba kofia nyeupe tu, na kofia nyeupe ziko za kila aina.

Si kila Amanita unaua. Kwenye misitu ya miombo ya Tanzania kuna wanaokula baadhi ya aina zake toka enzi. Ila hiyo ni elimu ya mtu aliyezaliwa kwenye msitu huo, na haisafirishwi kwa basi mpaka Mwanza. Muuaji anayejulikana zaidi duniani asili yake ni Ulaya, na amefika hadi Afrika Kusini akiwa amejificha kwenye mizizi ya miche ya miti ya kigeni. Kwa hiyo anayesema "hapa kwetu hakuna hiyo" aangalie kwanza miti iliyopandwa kando ya nyumba yake.

Bibi alitenga mafungu mawili. Yale madogo kama vifungo aliyaita mazuri, kwa sababu yalikuwa na udongo wa kichuguu bado umeganda na yametoka kwa wingi kama mchele uliomwagika. Makubwa kama sahani aliyaweka kando. Akasema, "Haya ya uwanja wa mpira. Sisemi mabaya. Sisemi mazuri."

Kwa hayo makubwa tulitumia karatasi, na njia hii yeyote anaiweza. Ondoa shina. Laza kofia, upande wa kurasa zake, vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, ukiangalia chini, juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi. Funika kwa bakuli ili upepo usiingie. Iache usiku mzima. Asubuhi kofia itakuwa imedondosha vumbi lake, na rangi ya vumbi hilo ni ya kuaminika kuliko rangi ya kofia. Uyoga wa vichuguu hutoa vumbi la rangi ya malai inayoelekea waridi. Jamii ya Amanita hutoa jeupe, ndiyo maana unahitaji ile nusu nyeusi ya karatasi. Letu lilitoka la kijani kibichi kilichochakaa, kama unga wa majani ya mlenda uliokauka.

Kijani hicho kina mwenyewe. Ni uyoga mkubwa wa majanini, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, unaopenda viwanja, malisho ya ng'ombe na bustani baada ya mvua, na umeenea kote kwenye joto. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe safi, kwa hiyo macho hayauoni, karatasi ndiyo inayousema ukishakomaa. Hauui kirahisi mtu mzima mwenye afya, lakini ndani ya saa moja mpaka tatu unakutapisha na kukuharisha mpaka miguu inakosa nguvu, na kwa mtoto maji yanayopotea ndiyo hatari yenyewe.

*Jibu linakuja lini.* Kabla ya kula, ila linataka subira ya usiku mmoja, na uyoga haukai. Wifi alilalamika kwamba utakuwa umeharibika. Kofia moja inatosha kwa karatasi, mingine inakaa kwenye kikapu mahali penye ubaridi.

*Inakosea wapi.* Karatasi inakataa, haikubali. Kijani kimetosha kuutupa, lakini nyeupe haikuambii ule: vumbi jeupe linatoka kwa uyoga mzuri na kwa muuaji. Kukosekana kwa kikombe nako si cheti. Kuna vijiuyoga vidogo vyenye kofia ya magamba na pete shingoni ambavyo havina kikombe kabisa, na vina sumu ileile ya amatoksini. Halafu jicho la bibi ni la eneo lake. Ukimletea uyoga kutoka shamba la misonobari la mkoa mwingine, anaona umbo analolijua mahali ambapo sheria si zake. Bibi mzuri utamjua kwa jambo moja: anasema "huu siujui" bila aibu. Yule asiyewahi kusema hivyo, mwogope.

Uyoga uliokatwakatwa na kukaushwa hauna jicho linaloweza kuusoma. Hapo unanunua neno la muuzaji tu.

*Inamfaa nani.* Anayekula aina moja au mbili anazozijua toka kwao, anayechuma mwenyewe kwa kuchimba, na aliye na mtu mzoefu wa eneo hilohilo.

Uyoga wa kibandani

*Inapima nini.* Haupimi kitu, unaondoa swali. Uyoga mamama unapandwa kwa mbegu iliyonunuliwa, kwenye mifuko ya mabua ya mpunga au maganda ya mbegu za pamba yaliyopashwa moto kwanza, ndani ya kibanda chenye giza na unyevu. Wiki tatu hivi mfuko unakuwa mweupe kwa utando, unafunguliwa matundu, na uyoga unatoka kwa mafungu. Huku kwetu pamba na mpunga havikosekani, kwa hiyo wakulima wake wapo.

*Jibu linakuja lini.* Siku ilipopandwa mbegu.

*Inakosea wapi.* Mabua ambayo hayakupashwa moto vizuri huotesha wageni. Wengi wao ni vijiuyoga vyembamba vyenye miguu mirefu vinavyoyeyuka kuwa wino mweusi kabla ya jioni. Mamama hutoka kwa fungu, bega kwa bega, shina liko pembeni ya kofia na kurasa zinateremka mpaka kwenye shina. Chochote kwenye mfuko kisichofanana na hicho hakiliwi, hata kama mfuko ni wako. Pia uyoga mzuri ukioza unaumiza tumbo kama mbaya. Uliolowa, unaoteleza na kunuka samaki, uache, japo hapa karibu na soko la samaki la Mwaloni harufu ya samaki haitushtui sana.

Na ladha? Nitasema ukweli, mamama haifikii uyoga wa kichuguu uliopikwa kwa karanga. Anayekuambia ni sawa hajala wa kichuguu.

*Inamfaa nani.* Mama ntilie, anayepikia shule au harusi, mwenye watoto wadogo au mjamzito nyumbani, na yeyote aliyehamia mjini akaacha waliomfundisha kijijini.

Kwa hali yako

Kama umenunua barabarani, umekatwa na hujui ulikotoka, hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia kuula kwa amani. Mwulize muuzaji akuletee kesho uliong'olewa na mkia wake. Wa Kisesa alikubali, na bei haikubadilika.

Kama unachuma mwenyewe kwenye kichuguu kilekile kila mwaka, endelea na jicho, chimba usikate, na usichanganye kapuni na uyoga mwingine wowote. Karatasi itumie kwa ule mmoja unaokutia shaka. Shaka ikibaki asubuhi, utupe.

Kama unapikia watu wengi, nunua wa kibandani na umjue mkulima.

Kama jirani anakuletea sahani ya uyoga na kukuhakikishia kwamba kijiko kimebaki cheupe, pokea kwa heshima, mshukuru, kisha umuulize alichimba wapi.

Na kama umeshakula, sahau kijiko, angalia saa. Tuseme mlikula saa mbili usiku Jumamosi. Mkianza kutapika saa nne usiku uleule, huenda ni ule wa kijani, na mtu anahitaji maji na daktari, hasa mtoto. Mkilala vizuri mkaamshwa saa kumi na moja alfajiri na kutapika na kuharisha maji matupu, hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu amatoksini huchelewa saa sita mpaka 24. Jumatatu mgonjwa anaweza kuamka ana nafuu, akaomba uji, watu wakasema imepita. Haijapita. Ini linaharibika kimyakimya, na macho ya manjano yanaweza kuonekana Jumanne au Jumatano, wakati nafasi ya kumsaidia imeshapungua sana. Mpelekeni Jumapili hiyohiyo asubuhi, Bugando, Sekou-Toure au hospitali iliyo karibu, pamoja na kila mtu aliyekula hata kama haumwi. Chukueni mabaki, yaliyopikwa na mabichi, hata maganda kutoka kwenye ndoo ya taka, yafungeni kwenye karatasi na si mfuko wa plastiki, kwa kuwa kwenye plastiki yanaoza haraka. Na mwambieni daktari saa mliyokula kabla hajawauliza kitu kingine.

Wifi alitupa yale makubwa. Madogo tuliyapika kwa karanga, na kijiko chake cha chuma cha pua ndicho tulichopakulia.